Ritifaa ya ng'ombe na mistari miwili kwa mwanzilishi

> *Shikamoo mwalimu. Niko Malindi, nina diploma ya kompyuta na nafanya kazi saiba karibu na soko la zamani. Kuna kampuni changa ya Nairobi inayowatumia wafugaji SMS za chanjo na dawa. Mjomba wangu wa Langobaya huzipata. Nataka kumwandikia mwanzilishi wake anipe kazi, hata ya miezi mitatu. Nimechora upya kurasa 14 za programu yao ya simu. Pia nimefupisha SMS yao moja kutoka herufi 142 hadi 88, kwa sababu kwenye kabambe ya mjomba hufika vipande vitatu. Niliinakili kwa mkono kwenye Word ndipo nikahesabu. Nimeambiwa niambatishe kazi ndogo na maelezo ya mistari miwili tu. Niambatishe ipi, na hiyo mistari niiandikeje? Na akichukua kazi yangu asinijibu?*

Marahaba, mwanangu. Ambatisha SMS. Zile kurasa 14 ziache zilale kwenye kompyuta yako kwa sasa, nitakwambia kwa nini. Lakini SMS yenyewe usiipeleke kama ulivyoirekebisha, maana umetibu kikohozi na homa umeiacha. Ujumbe ule haukukatika kwa sababu ya urefu. Ungekuwa na herufi 142 za kawaida ungefika kwa mjomba ukiwa mzima, na nafasi ya herufi 18 ingebaki.

Tuuangalie kwa karibu. Pamoja na swali lako uliniletea ujumbe wao na ule uliofupisha wewe; wao ulisomeka hivi, nami nimeuacha na alama zake zote:

```
Habari. Chanjo ya ng’ombe ni Jumatano saa 3 asubuhi pale josho la Langobaya. Lete ng’ombe wote waliozidi miezi 6. Tafadhali mfahamishe jirani.
```

Tazama ile alama iliyo kati ya *g* na *o* katika neno ng'ombe. Wasomi wa lugha huiita ritifaa. Kwenye kompyuta kuna ritifaa mbili zinazofanana kama mapacha. Moja imenyooka, ndiyo ile iliyoko kwenye kitufe cha kibodi, na namba yake ni U+0027. Nyingine imepinda kama koma iliyopandishwa juu, na namba yake ni U+2019. Jicho la msomaji halijali. Mtambo wa SMS unajali sana.

SMS moja hubeba baiti 140, yaani biti 1,120, na hapo hakuna mjadala, ndivyo ilivyoundwa tangu mwanzo. Kuna orodha fupi ya herufi, GSM 7-bit, ambamo kila herufi inachukua biti 7. Gawanya 1,120 kwa 7 unapata 160, na ndiyo ile 160 ambayo kila mtu anaijua. Orodha hiyo ina alfabeti yetu yote, tarakimu, nukta, koma, na ritifaa iliyonyooka. Iliyopinda haimo. Sasa ujumbe ukiwa na hata alama moja tu iliyo nje ya orodha, simu au mtambo hauibadilishi alama hiyo peke yake. Unauhamisha ujumbe wote kwenye mpangilio mwingine, UCS-2, ambamo kila herufi inachukua biti 16, hata *a* na nafasi tupu. Gawanya 1,120 kwa 16: herufi 70. Na ujumbe ukizidi 70 ukalazimika kukatwa, kila kipande kinatoa baiti 6 za kubebea anwani ya kuunganishia, ili simu ijue hiki ni cha kwanza na kile ni cha pili. Zinabaki herufi 67 kwa kipande.

Kwa hiyo herufi 142 zenye ritifaa iliyopinda ni 67, na 67 nyingine, na 8. Vipande vitatu, kama alivyovipata mjomba. Na ile yako ya herufi 88, ambayo bila shaka ulihangaika nayo, bado ina ng'ombe ndani yake na ritifaa ileile, hivyo ni 67 na 21. Vipande viwili. Umepunguza maneno, ukamwondoa jirani wa kufahamishwa, ukaandika "Leteni waliozidi miezi 6" bila kusema ni ng'ombe au mbuzi, na bado kampuni inalipia SMS mbili. Ukinyoosha ritifaa mbili tu, bila kugusa neno hata moja, ujumbe wa herufi 142 unakuwa SMS moja.

Hii ndiyo kazi ya kumpelekea mwanzilishi. Lakini kwanza kuna jambo la kuhakikisha, na ni lako wewe, si lao.

Ulisema uliinakili kwa mkono kwenye Word. Word ina tabia ya kupindua ritifaa wakati unaandika. Unabonyeza iliyonyooka, yeye anakuwekea iliyopinda, wala hakuulizi. Maana yake ni kwamba faili lako haliwezi kuwa shahidi. Hata kama kampuni ile walituma ritifaa iliyonyooka, kwenye Word yako ingeonekana imepinda. Ukimwandikia mwanzilishi "mna kosa hili" kwa ushahidi wa faili ambalo kosa umelitia mwenyewe, fundi wake atalifungua, atacheka, na hutajibiwa tena.

Shahidi wako ni simu ya mjomba. Mwombe akufungulie kipande cha kwanza na utazame kinaishia wapi. Nimehesabu: herufi ya 67 ya ujumbe ule ni *L* ya Langobaya. Kama kipande cha kwanza kinaishia "josho la L" na cha pili kinaanza na "angobaya", basi umeshika mkia wa nyoka, maana hakuna sababu nyingine ya kawaida ya ujumbe kukatwa mahali hapo hasa. Kipande cha tatu kitakuwa na neno moja, "jirani". Kuna mitambo inayotumia anwani ndefu kidogo ya kuunganishia, hiyo hukata kwenye 66, kwa hiyo ukikuta cha pili kinaanza na "Langobaya" nzima usishtuke, maana yake ni ileile. Ila ukikuta umekatwa kwingine kabisa, tuseme katikati ya sentensi ya pili, simama hapo. Huenda walituma ujumbe tofauti na ule unaoufikiria, au kampuni inaukata yenyewe kwa sababu zao.

Kama mjomba ameshaufuta, jaribu mwenyewe. Chukua simu yako ya kupapasa, andika ujumbe uleule mara mbili. Wa kwanza tumia ritifaa ya kawaida. Wa pili bonyeza kitufe cha ritifaa ukishikilie kidogo, kibodi nyingi zitakupa ile iliyopinda. Tuma zote kwa kabambe ya mjomba, kisha mpigie akwambie zimefikaje. Angalia tu kwanza kwamba simu yako haina mpangilio wa kurahisisha herufi, kwa sababu baadhi ya simu huinyoosha ritifaa zenyewe kabla ya kutuma, nawe utadhani nadharia yangu ni ya uongo. Jaribio hili halithibitishi walichotuma wao, linathibitisha kwamba alama ile inatosha kuleta alichokiona mjomba. Ni mambo mawili tofauti, na kwenye barua yako usiyachanganye.

Ikiwa ulijiandikisha nawe ukapata ujumbe uleule kwenye simu yako, mambo ni mepesi zaidi. Unakili kutoka kwenye SMS moja kwa moja, uuweke kwenye faili la maandishi matupu bila kupitia Word, kisha:

```python
import math
u = open("ujumbe.txt", encoding="utf-8").read().strip()
print(len(u), "\u2019" in u, math.ceil(len(u) / 67))
```

Ukipata `142 True 3` umemaliza. Na dawa yake ni mstari mmoja, ambao fundi wao anaweza kuuweka mahali ujumbe unapotokea:

```python
u = u.replace("\u2019", "'").replace("\u2018", "'")
```

Mimi mwenyewe nimewahi kuumwa na mdudu wa aina hii, ndiyo maana nina hamu ya kukueleza. Kampuni ndogo niliyoifanyia kazi Mombasa ilikuwa ikituma vikumbusho vya malipo, na aliyeandika kiolezo alipenda kistari kirefu badala ya kifupi. Kistari kirefu nacho hakimo kwenye orodha ya herufi za biti 7. Tulilipia SMS mbili kwa kila mteja kwa miezi, na aliyegundua hakuwa sisi mafundi, alikuwa mhasibu, aliyeuliza kwa nini idadi ya SMS kwenye ankara ni maradufu ya idadi ya wateja. Tulikaa kimya wote mezani. Waswahili tuna balaa zaidi kwa sababu ya ng' yetu: ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, ng'arisha. Mwingereza akitaka kukwepa ritifaa anaandika neno refu lisilofupishwa. Sisi hatuwezi kumwita ng'ombe jina jingine.

Sasa turudi kwenye kurasa 14. Sisemi ni mbaya, sijaziona. Tatizo lake ni kwamba kila ukurasa unamwomba mwanzilishi akubaliane na ladha yako juu ya jambo ambalo hujui kwa nini lilifanywa vile. Pengine kitufe kile kikubwa cha kijani kimewekwa pale kwa sababu wafugaji 30 walishindwa kuona kidogo. Wewe hujui, yeye anajua, na akikuta kurasa mbili ulizokosea anaziweka pembeni zote 14. Ile SMS ni kinyume chake. Haihitaji akuamini wala apende unachopenda. Anaweza kufungua ripoti ya mtoa huduma wao wa SMS, akaangalia safu ya idadi ya vipande, akajua ndani ya dakika moja kama unasema kweli. Muuza halua pale mjini hukuonjesha kwa ncha ya kisu, hakuletei sinia.

Na fikiria anasoma wapi. Yule mwanzilishi niliyefanya naye kazi alisoma barua pepe zake kwenye foleni ya kivuko cha Likoni, simu mkono mmoja, mkono mwingine umeshika begi. Alifungua kiambatisho kimoja. Kikitaka kuvutwa kwa vidole viwili ili kisomeke, alikifunga. Kwa hiyo tengeneza picha moja au PDF ya ukurasa mmoja, wima kama simu ilivyo wima. Juu weka ujumbe wao ulivyo, ukiwa umekatwa vipande vitatu kama ulivyofika, na ritifaa zile mbili umezizungushia duara jekundu. Chini weka uleule, kipande kimoja, ritifaa zimenyooka. Pembeni ya kila kimoja andika hesabu: herufi 142, SMS 3, herufi 142, SMS 1. Basi. Usitie nembo yao, usitie jina lako kwa herufi kubwa, usitie zile mistari za Python. Fundi wao akizitaka atakuomba, na hapo mazungumzo yameshaanza. Jina la faili liwe la kueleweka, `SMS-chanjo-kabla-na-baada.pdf`, si `final2_mpya.pdf`.

Kabla ya kupiga picha ya skrini ya mjomba, mwombe ruhusa, kisha ufunike namba yake na jina lake, na namba ya ng'ombe kama ipo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamlinda hata mfugaji wa Langobaya, na mwanzilishi mwenye akili atatazama jinsi unavyoshika taarifa za watu kabla ya kutazama ujuzi wako. Pia usijaribu kuingia kwenye mtambo wao "kuona tu" kama kosa liko pale unapodhani. Kuingia bila idhini ni kosa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, hata kama hukuharibu chochote. Kilichofika kwenye simu ya mjomba kinakutosha.

Tuje kwenye mistari miwili. Anayekwambia mistari miwili hamaanishi ujibane mpaka ueleweke nusu; kwenye simu sentensi mbili zenye afya huwa mistari sita au saba. Maana yake ni kwamba maelezo ya kiambatisho yana kazi mbili tu. Sentensi ya kwanza inasema hiki ni nini na kimebadilisha nini, ili hata asiyefungua faili aondoke na jambo. Sentensi ya pili inasema umejuaje na hujui nini. Watu wengi huandika ya kwanza vizuri, kisha ya pili wanaijaza maneno ya kujisifu: mimi ni mchapakazi, najituma, napenda sana teknolojia. Maneno hayo hayapimiki. Lakini ukimwambia mtu mpaka wa ujuzi wako uko wapi, anajua nawe umepima.

Mimi ningemwandikia hivi. Kichwa cha barua: *SMS yenu ya chanjo inakatwa mara 3*. Kisha:

> *Habari za kazi. Mimi ni fundi wa kompyuta Malindi, na mjomba wangu ni mfugaji anayepata SMS zenu Langobaya.*
>
> *Nimeambatisha ukurasa mmoja: SMS yenu ya chanjo ya Jumatano iliyomfikia ikiwa vipande 3, na ileile ikiwa kipande 1 bila kupunguzwa neno.*
> *Chanzo ni ritifaa iliyopinda katika "ng'ombe". Nimeijaribu kwa simu mbili, yangu na ya mjomba, ila ripoti yenu ya mtoa huduma sijaiona, tafadhali linganisheni idadi ya vipande huko.*
>
> *Natafuta kazi ya miezi mitatu ya kupima na kurekebisha ujumbe na kurasa zinazomfikia mfugaji mwenye simu ndogo. Alhamisi au Ijumaa baada ya saa 10 jioni naweza kuongea.*

Ona kilichokosekana. Hakuna hesabu ya pesa. Najua itakuwasha mkono kuandika "mnapoteza maelfu". Tuseme kipande kimoja kinawagharimu senti 80 na wafugaji ni 5,000: ujumbe mmoja ni shilingi 4,000, na ukikatwa mara tatu ni 12,000. Tofauti ni kubwa, lakini senti 80 nimeitunga na 5,000 nimeitunga. Pengine wana mapatano mengine na mtoa huduma, pengine wafugaji ni 300. Muache azidishe mwenyewe kwa namba zake. Itamuuma zaidi ikitoka kwenye kichwa chake. Pia neno "kosa" nimelikwepa kidogo nikasema chanzo, kwa sababu huenda aliyeandika kiolezo kile ni yeye mwenyewe, usiku, kabla hajapata mfanyakazi wa kwanza.

Na hakuna wasifu wala vyeti. Vyeti viko na vitaombwa. Ukiviambatisha sasa, barua yako inakuwa na faili matano na yeye anafungua la kwanza lililo juu, ambalo kwa bahati mbaya litakuwa cheti cha kidato cha nne.

Lugha? Tazama anachoandika hadharani. Kama huwazungumzia wafugaji na wateja wake kwa Kiswahili, mwandikie Kiswahili, na hasa hapa ambapo kazi yenyewe inahusu herufi ya Kiswahili. Kama kila kitu chake ni Kiingereza, andika Kiingereza chepesi, lakini ujumbe ulio ndani ya picha uache ulivyo. Usichanganye lugha mbili kwenye sentensi mbili.

Hofu yako ya kuibiwa naielewa, na sitakudanganya kwamba haitokei. Atanyoosha ritifaa, atashukuru moyoni, na hutasikia sauti yake. Inawezekana kabisa. Sheria ya hakimiliki inalinda ulichokiandika au kukichora, hailindi wazo la kunyoosha alama, kwa hiyo usipoteze usingizi kutafuta haki huko. Lakini pima umepoteza nini: alasiri moja na shilingi chache za SMS. Wangechukua kurasa 14 ulizozichora kwa wiki tatu, hapo ungekuwa na kilio cha haki, na ndiyo sababu nyingine ya kutozituma. Ukurasa ule wa kabla na baada unabaki wako. Ukiondoa jina lao unaweza kumwonyesha mwanzilishi mwingine anayetuma SMS za Kiswahili, na Pwani hii hawakosekani.

Akinyamaza, subiri siku saba za kazi, kisha jibu juu ya barua yako ileile kwa sentensi moja, ukiongeza kitu kipya ulichokiona: labda ujumbe wa wiki hii ulifikaje. Ukiwa umefika kipande kimoja, mwambie hivyo, kwa furaha, bila kijembe. Baada ya hapo mwache. Usimpigie simu ya mkononi uliyoipata kwa mtu.

Akikujibu na kukuomba jaribio, saa mbili au tatu za kazi ni sawa. Akikuomba uandike upya violezo vyao vyote 60 "ili tuone", hilo si jaribio tena, ni kazi, na muulize malipo yake kabla ya kufungua faili. Akikuomba wewe ndiye ulipe, iwe ada ya usajili au ya mafunzo, funga mazungumzo.

Kuna mahali ambapo mimi kwa maandishi sifai, na utahitaji mtu wa kukaa naye. Kabla ya kutuma, mpe mtu yeyote pale saiba simu yenye barua na kiambatisho, umpe muda wa kuhesabu hadi ishirini, kisha umchukulie na umwulize umeandika nini. Akisema "unaomba kazi" bila kutaja SMS, sentensi ya kwanza haijakaa sawa. Ukipata mtu Malindi au Kilifi aliyewahi kutuma SMS za jumla, mwonyeshe hesabu yako pia. Yeye ataona haraka kuliko mimi kama kuna alama nyingine iliyojificha, maana nafasi tupu isiyokatika na emoji nazo hufanya vilevile. Na ikifika kwenye mkataba, miezi mitatu si neno dogo: Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi wa muda unaofikia miezi mitatu uwe wa maandishi. Wakikwambia "tutaelewana kwa WhatsApp", waombe karatasi, na karatasi hiyo mpelekee wakili au afisa wa kazi aisome mbele yako kabla hujatia sahihi.

Nisalimie mjomba. Mwambie asifute ule ujumbe mpaka umalize.